Maswali ya wasomaji: mkwanja, luku na kijana wa Mbagala anayeongea Kinairobi

Naomba orodha ya maneno ya mtaani yenye maana ya fedha. Msomaji, Morogoro.

Swali hili huja kila mwezi na kila mwezi huwa naliruka. Leo nalijibu ili lipumzike. Orodha ni hii: mkwanja, mshiko, mpunga, mapene, chapaa. Ukiishia hapo hujapata kitu, kwa sababu hela haimo humo, na hela ndiyo unayopaswa kuijua kwanza. Fedha ni ya benki na bajeti. Pesa na hela ni za kila mtu, bibi yako anazisema na hakuna anayeshtuka. Mkwanja unaanza pale msemaji anapotaka asikike wa mjini, tena kwa kawaida ni pesa ya kueleweka. Ukisema una mkwanja wa shilingi mia mbili, watu watacheka wakidhani unatania.

Kisha kuna hesabu, ambayo waomba orodha huwa hawaiulizi. Kwa Dar, jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, na noti nyekundu ya 10,000 ni msimbazi, kwa ajili ya Simba, wekundu wenye makao yao mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo. Tunasema "buku tatu", hatusemi "mabuku matatu". Na 1,500 ni "buku jero", bila "na" katikati. Mtu akisema "buku na jero", konda anajua ameshuka juzi Magufuli, kituo cha mabasi cha Mbezi. Laki si ya mtaani, usiihangaikie.

Naandika mchezo wa redio. Kijana wa Mbagala anamwambia rafiki yake: "Buda, nimesota, sina ganji. Karao wamechukua soo tano zangu, wacha niishie keja." Nimepatia?

Umepatia Nairobi. Mbagala iko Dar es Salaam.

Tuanze na "nimesota". Nairobi maana yake umeishiwa. Huku kwetu kusota ni kuteseka kwa muda mrefu mahali fulani, ndiyo maana magazeti yanaandika mtuhumiwa amesota rumande. Msikilizaji wa Temeke atasubiri aambiwe kijana amesotea wapi. Mwandikie "nimefulia". Kama mhusika ni mtu wa makamo aliyekua mjini miaka ya tisini, "nimechacha" itamkaa vizuri zaidi. Ganji iache kabisa. "Niishie" nayo Nairobi ni kuondoka. Dar mtu akisema anaishia, utamuuliza anaishia wapi. Hapa tunasepa. Keja ni nyumba au chumba, na wengi wataifanya geto mara moja, lakini geto ni chumba cha kijana anayejitegemea. Kama huyu wako bado anakaa kwa mama yake, basi anasepa nyumbani, kwisha.

Karao ni njagu au ndata. Neno hilo ni la kumsema askari akiwa hayupo. Akiwa mbele yako ni afande, na vijana wenye maneno makali kuliko wote pale kijiweni husema afande kwa upole wa ajabu. Mchezo wako ukiwa na tukio la kituoni, mhusika abadilishe lugha mlangoni, la sivyo hakuna atakayeamini.

Halafu kuna kiasi chenyewe. Soo tano ni shilingi 500 za Kenya, ambazo zinakaribia elfu kumi za kwetu. Ukitafsiri kwa haraka ukaandika jero, umemfanya askari achukue hela isiyotosha hata nauli. Kwa hiyo: "Mwanangu, nimefulia, sina hata buku. Njagu wamenichukulia msimbazi wangu, wacha nisepe."

Najua kosa hili linatoka wapi. Waandishi wengi wa michezo wanaokota maneno kwenye nyimbo na video za mitandaoni, za Dar na za Nairobi pamoja, wanayatia chungu kimoja kwa kuwa yote yanavutia. Dawa yake ni ndogo. Nenda kijiwe cha bodaboda cha eneo la mhusika wako. Usimsomee kijana sentensi yako na kumuuliza kama ni sawa, maana kwa heshima atakujibu "iko poa". Mweleze jambo lenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, umwambie amsimulie mwenzake aliyekaa pembeni. Andika anachosema chote, pamoja na yale maneno ya kawaida uliyotarajia ayabadilishe naye hakuyabadilisha. Utaona katika sentensi nzima maneno ya mtaani ni mawili au matatu tu. Wewe uliweka saba.

Nimehamia Dar kutoka Nairobi. Mama mwenye nyumba ananiambia kila wiki "luku imeisha", na mimi navaa vizuri tu. Ananionaje?

Anakuona hulipi. LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Luku yenu ya mavazi huku ni pamba. Siku mama akikusifia atasema umependeza; vijana ndio watakaosema umetupia.

Mwalimu amenikata alama kwa kuandika "uchakachuaji" kwenye insha. Amenionea?

Kidogo, ndiyo. Kuchakachua kulivuma kwa wafanyabiashara wanaochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli ili wapate faida. Ulipofika uchaguzi wa 2010 kura nazo zikawa zinachakachuliwa, na baada ya hapo neno likazoeleka kwenye magazeti na bungeni. Upigaji umepita njia hiyohiyo: leo kiongozi anakemea wapigaji jukwaani bila kujisikia ametumia lugha ya kihuni. Machinga na mama ntilie wamo kwenye hotuba za serikali. Neno likishafika huko, kumkata mwanafunzi alama ni ukaidi.

Lakini mwalimu wako ana hoja moja ambayo huenda hakuieleza. Uchakachuaji unasema kitu kimechanganywa na kitu duni, au kimeharibiwa kwa hila. Vijana siku hizi wanaliweka popote penye wizi, udanganyifu au uzembe. Kama uliandika kwamba mhasibu "alichakachua" mshahara wa mwenzake akaingia nao mitini, huyo aliiba, na alama zilistahili kukatwa.

Tunatengeneza tangazo la benki kwa vijana. "Kufurahia maisha" kwa lugha yao ni "kula bata"?

Ndiyo, na ni lugha ya baba zao pia, kwa hiyo msijisifu mmewafikia vijana. Mkiongeza "mambo mbwembwe" chini ya nembo ya benki mtachekwa. Andikeni riba na makato kwa Kiswahili kinachosomeka. Hilo hakuna kijana aliyewahi kulilalamikia.

"Kufariki" kwa lugha ya mtaani ni "kudanja"? Nataka kuweka ujumbe kwenye kundi letu la mtaa.

Kudanja kupo, na kudedi kupo. Ni maneno ya vijana kuelezana habari za mtu wasiyemjua, au za simu iliyodondoka. Kwenye kundi lenye ndugu wa marehemu andika amefariki. Hata kijiweni, mmoja wao akifiwa, ndivyo wanavyosema.

Neno la mtaani la "mjukuu" ni lipi?

Silijui, na mtaa hauna shida nalo. Hela, polisi, mapenzi, pombe na kuondoka vina maneno kibao kwa sababu vijana wanavisema kila siku na wakati mwingine hawataki wakubwa waelewe. Wajukuu wanasemwa na wazee. Mjukuu ni mjukuu hata Manzese.