"Matengenezo" na "kuhuisha" katika mkataba wa pango la biashara

Swali: Kwa miaka 6 nimepanga nyumba ya kuishi, na sasa naingia katika chumba cha biashara kwa mkataba wa miaka 5. Mikataba yote miwili inasema kwamba "matengenezo yatafanywa na mpangaji" na kwamba "mkataba unaweza kuhuishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili". Je, maneno hayo yana maana ileile katika mikataba yote miwili?

Jibu: Kwa kamusi, ndiyo, kwa mfuko wako, hapana. Mkataba wa nyumba ya kuishi kwa kawaida husomwa pamoja na sheria inayomlinda mpangaji, na sheria hiyo hujaza mapengo yaliyoachwa na maneno. Katika nchi nyingi, hata mkataba ukinyamaza au ukisema kinyume, mwenye nyumba hubaki na wajibu wa kutunza paa, kuta na mabomba, na hawezi kumtoa mpangaji bila taarifa na amri ya mahakama. Mpangaji wa biashara, kinyume chake, huhesabiwa kuwa mtu anayejua anachotia sahihi, na ulinzi wake mwingi ni ule alioudai na ukaandikwa. Kwa hiyo neno legevu katika mkataba wa nyumba mara nyingi halina madhara, ilhali neno hilohilo katika mkataba wa duka linaweza kugharimu pango la mwaka mzima.

Tuanze na "matengenezo". Kitenzi "kutengeneza" kimebeba mizigo miwili: kufanya kitu kipya, kama fundi anavyotengeneza meza, na kurudisha kitu kilichoharibika katika hali ya kufaa, kama anavyotengeneza saa. Katika nyumba ya kuishi utata huu hauonekani, kwa sababu unaingia mahali palipokwisha kuwa na sakafu, dari na taa, na kinachobaki ni ukarabati mdogo tu. Chumba cha biashara mara nyingi hukabidhiwa kikiwa kitupu: sakafu ya saruji, kuta zisizopakwa rangi, nyaya za umeme zinaning'inia. Hapo mpangaji ana kazi ya kukiandaa chumba kwa biashara yake, ambayo ni kitu kimoja, na kazi ya kukikarabati kadiri kinavyochakaa, ambayo ni kitu kingine. Kisha iko kazi ya tatu, ya kubadilisha vitu vya jengo lenyewe kama vile paa na bomba kuu vinapofikia mwisho wa maisha yake. Mkataba wako umezitia zote tatu katika neno moja, na mwenye jengo atalisoma kwa upana wake wote siku paa litakapovuja. Ningeshauri liondolewe kabisa, na mahali pake yaandikwe maneno matatu tofauti: "maandalizi ya awali", "ukarabati wa ndani", na "ubadilishaji wa sehemu kuu za jengo", kila moja likiwa na mtendaji wake.

Angalia pia kama mkataba unasema kwamba mwishoni utakirejesha chumba "katika hali yake ya awali". Awali ya lini? Kama ni siku ulipokabidhiwa funguo, basi utalipia kung'oa dari na kuta za ndani ulizojenga kwa fedha zako. Tarehe ikiandikwa, pamoja na picha za siku hiyo kuambatanishwa, neno "awali" huacha kuwa fumbo. Mpangaji wa nyumba ya kuishi halijui sana tatizo hili, kwa kuwa hadaiwi zaidi ya kuirudisha nyumba kama alivyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida.

Sasa "unaweza kuhuishwa", ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kubwa zaidi. "Kuweza" katika Kiswahili hueleza uwezo, uwezekano na ruhusa, lakini halielezi wajibu wa mtu yeyote. Kauli ya kutendwa nayo imemficha mtendaji: nani atahuisha? Ukiongeza "kwa makubaliano ya pande zote mbili", kifungu hakisemi lolote, kwa kuwa watu wawili wanaweza kukubaliana wakati wowote bila kuruhusiwa na kifungu. Katika nyumba ya kuishi utupu huu huzibwa: muda ukiisha na pango likiendelea kupokelewa, mara nyingi upangaji huendelea mwezi kwa mwezi, na katika baadhi ya nchi mwenye nyumba hawezi kuukatisha bila sababu. Kwa biashara, baadhi ya sheria hutoa haki ya kuendelea, nyingine hazitoi. Huko Uingereza na Welisi, sheria ya mwaka 1954 humpa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya, lakini pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana mapema kuiondoa. Ufaransa mkataba wa kawaida wa biashara hauwi chini ya miaka 9, na mwenye jengo anayekataa kuuhuisha kwa kawaida hulipa fidia.

Uzito wake unaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme maandalizi ya chumba yamekugharimu kiasi sawa na pango la miezi 15. Ukikaa miezi 60, kila mwezi umebeba robo ya pango juu ya pango lenyewe. Ukihuishiwa miaka 5 mingine, mzigo huo unashuka hadi thumuni. Lakini kama mkataba unamruhusu mwenye jengo kuuvunja baada ya miezi 24, na akauvunja, kila mwezi uliokaa umekugharimu zaidi ya nusu ya pango kama nyongeza.

Kifungu chenye nguvu humtaja mtendaji, masharti na tarehe: "Mpangaji akitoa taarifa ya maandishi si chini ya miezi 6 kabla ya mkataba kwisha, na akiwa hadaiwi pango, mwenye jengo atampa mkataba mpya wa miaka 5." Hapo "atampa" ni wajibu. Kumbuka kwamba "si chini ya" husomwa kwa ukali: mkataba ukiisha tarehe 31 Desemba, taarifa ya wiki ya kwanza ya Julai imechelewa, na haki huenda imepotea.

Kinachosahauliwa ni pango la kipindi kipya. "Pango litakalokubaliwa" hukurudisha kwenye utupu uleule, kwani asiyetaka uendelee atataja kiasi kisicholipika. Andika kwamba msiposikizana, pango litapangwa na mthamini asiyefungamana na upande wowote (mthamini hukadiria thamani, tafadhali mwandishi asimwandike "mdhamini", ambaye ni mtu anayejifunga kulipa deni la mwingine), na kwamba hatazingatia maboresho uliyoyafanya kwa gharama zako. Bila maneno hayo ya mwisho, chumba ulichokipokea kikiwa kitupu kitathaminiwa na dari, taa na sakafu zako, nawe utalipa pango juu ya vitu ulivyovinunua mwenyewe.