Kompyuta inapopanda basi: ng'oa kadi ya grafiki, kisha angalia kipoza

Tuseme mteja yuko Mwanza na kompyuta imeunganishwa Dar es Salaam. Hapo kuna zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya buti la basi, na matuta hayahesabiki. Boksi likiwa zima bado ndani panaweza kuwa pamevunjika, kwa sababu vitu viwili vizito vinaning'inia kwenye mazabodi: kadi ya grafiki na kipoza cha prosesa.

Kadi kubwa hufika kilo moja na nusu au zaidi, na imeshikwa na skrubu mbili upande mmoja tu. Kila tuta linaigeuza wenzo unaokwanyua sloti. Ing'oe. Chomoa waya wake wa pawa, fungua skrubu, kisha bonyeza kilango cha sloti kwa rula ya plastiki. Bisibisi ikiteleza hapo itakwaruza mazabodi. Ivute wima bila kuitikisa, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, halafu kwenye boksi lake. Skrubu zifungie kwenye kifuko na ukibandike ndani ya kesi, la sivyo mteja atazitafuta mpaka achoke.

Kipoza kidogo kinachokuja na prosesa kiache. Kile cha mnara chenye feni mbili, cha kilo moja hivi, kitoe. Kwenye soketi ya AM4, ile ya prosesa za AMD, kuna mtego: pesti ya kupitisha joto ikiwa baridi hugandisha prosesa kwenye kipoza, nayo hung'oka na kupinda pini ingawa soketi imefungwa. Washa mashine dakika 10 ipate moto, zima, chomoa waya wa ukutani, legeza skrubu, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Prosesa ibaki kwenye soketi. Futa pesti ya zamani, na umtumie mteja kijibomba kipya. Tone la ukubwa wa punje ya choroko linatosha.

Kama mteja hawezi kufunga kipoza mwenyewe, kiache, ila jaza nafasi yote kati yake na kesi kwa mafundo ya karatasi za kaki, yabane bila kusukuma ramu. Chenga za sponji nyeupe usizitumie, zinajaa umeme tuli na kuingia kwenye feni.

Laza kesi mazabodi ikiwa chini, ili tuta likandamize kipoza badala ya kukivuta. Boksi la kesi liingie ndani ya jingine, na sentimita 5 za sponji kila upande. Wapakiaji wataligeuza tu, ndiyo maana karatasi za ndani ni za lazima.

Juu ya kesi bandika: USIWASHE, TOA KARATASI KWANZA. Mteja akiwasha, feni zikazunguka na kioo kikabaki cheusi, akague kwanza kama kadi imeingia mpaka kilango kikalia, na kama waya wa kioo uko kwenye kadi yenyewe. Mashine ikijizima baada ya muda mfupi, kipoza hakijagusa prosesa sawasawa. Asiiwashe tena mpaka akifunge upya.