RCON inaingia, wachezaji hawaingii: poti 27015 na tofauti ya TCP na UDP

> Nimefungua poti 27015 TCP kwenye ruta na kwenye faiawoli ya seva ya Team Fortress 2. Tovuti ya kupima poti inasema iko wazi, na RCON inafanya kazi nikiwa nje. Lakini wenzangu wakijaribu kuingia wanaambiwa seva haijibu. Kwa nini nihitaji UDP tena wakati poti imeshafunguka, na nitajuaje kama UDP yenyewe inapita?

Mkuu, ulichofungua ni ile nusu inayotumiwa na RCON, yaani njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali. Mchezo wenyewe haupiti huko. Seva za familia ya Source, yaani Team Fortress 2, Garry's Mod na ndugu zao, hutumia namba moja ya 27015 kwa kazi mbili tofauti: RCON husikiliza kwenye TCP, na wachezaji pamoja na maulizo ya orodha ya seva hupita kwenye UDP. Namba ya poti inaanza kuwa na maana baada ya itifaki kujulikana. Kila pakiti ya IP ina sehemu inayotaja itifaki iliyobebwa, 6 ikiwa ni TCP na 17 ikiwa ni UDP, na faiawoli huangalia hapo kabla haijafika kwenye namba ya poti. Kwa hiyo TCP 27015 na UDP 27015 ni milango miwili isiyohusiana, na kanuni ya mmoja haigusi wa pili.

Wengi wanaofika kwenye tatizo hili wametoka kwenye Minecraft ya Java, ambayo kweli hutumia TCP 25565, wakahamisha mazoea yale yale. Hata Minecraft ya Bedrock ingewakwamisha, kwa sababu yenyewe iko UDP 19132.

Sababu ya michezo ya kasi kuchagua UDP inaeleza pia kwa nini huwezi kuilazimisha ipite TCP. Seva inatuma hali ya mchezo mara nyingi kila sekunde: nani yuko wapi, anaangalia upande gani, risasi imetoka au la. Pakiti moja ikipotea njiani, inayofuata inakuja na hali mpya zaidi, na ile iliyopotea haina kazi tena. TCP haikubali hivyo. Inaahidi kukabidhi kila baiti kwa mpangilio, kwa hiyo ikikosa kipande kimoja inazuia vyote vilivyofika nyuma yake mpaka kile kilichopotea kitumwe upya. Kama safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150, mchezaji atasubiri angalau muda huo akiona picha imeganda, kisha kila kitu kinamrukia kwa pamoja. UDP haisubiri kitu, na mchezo wenyewe unaamua kipi kirudiwe na kipi kiachwe.

Sasa kwa nini tovuti ya kupima poti ilikudanganya? Haikudanganya, ilijibu swali lingine. Karibu zote hupima TCP peke yake, kwa sababu TCP ni rahisi kupima. Mpimaji anatuma ombi la kufungua muunganisho, na mfumo wa uendeshaji wa seva unajibu wenyewe, hata kabla programu haijajua kuna mgeni. UDP haina salamu hiyo ya kuanzia. Pakiti ikifika kwenye poti ya UDP, mfumo unaikabidhi kwa programu na kukaa kimya. Programu ndiyo pekee inayoweza kujibu, na haitajibu kama haielewi ilichoambiwa. Ukituma herufi ovyo kwa seva ya mchezo iliyo nzima kabisa, utapata ukimya, ule ule ambao ungeupata kama faiawoli imekuzuia.

Hapo ndipo penye mtego unaonasa watu. Amri hii ya kupima TCP ni ya kuaminika:

```
nc -zv 203.0.113.10 27015
```

Jibu la `succeeded` maana yake kuna anayesikiliza. `Connection refused` maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna programu kwenye poti hiyo, au faiawoli imekataa waziwazi. Ikikaa mpaka muda uishe, kuna mahali pakiti inatupwa kimya kimya. Lakini ukiongeza `-u` ili upime UDP kwa njia hiyo hiyo, `nc` itaandika `succeeded` kila isiporudishiwa kosa. Kosa lenyewe ni ujumbe wa ICMP unaosema poti haifikiki, na hutumwa pale mashine imefikiwa na hakuna programu inayosikiliza, au faiawoli imekataa waziwazi. Faiawoli inayotupa pakiti hairudishi chochote, kwa hiyo `nc -zvu` inakwambia mambo ni mazuri wakati njia imefungwa kabisa. `nmap -sU` ni mkweli zaidi kwa sababu ikikosa jibu huandika `open|filtered`, yaani haijui. Na kwa wanaotumia Windows, `Test-NetConnection -Port` inapima TCP tu, haina namna ya kupima UDP.

Kipimo halali ni kumwuliza mchezo swali analolijua. Seva za Source zina swali la kuomba taarifa linaloitwa A2S_INFO, lenye baiti 25 tu: `FF` nne, herufi T, maneno `Source Engine Query`, na sifuri ya kufunga. Unaweza kulituma kutoka kwenye Linux yoyote, ukitumia bash:

```
printf '\xff\xff\xff\xffTSource Engine Query\0' \
  | nc -u -w 2 203.0.113.10 27015 | xxd
```

Weka anwani yako ya nje mahali pa hiyo ya mfano. Likirudi jambo lolote, UDP inapita kwenda na kurudi. Mara nyingi utaona jibu fupi la baiti 9, ambalo baada ya zile `ff` nne lina `41`. Hiyo ni seva inakupa namba ya kuthibitisha kwanza kabla haijatoa taarifa zake, na kwa kazi yetu inatosha. Ukiona `49` na jina la seva na ramani, umepewa taarifa moja kwa moja. Usipoona kitu kwa sekunde hizo mbili, rudia mara kadhaa, kwa sababu UDP ina haki ya kupoteza pakiti, kisha ndipo uanze kutafuta kizuizi.

Fanya hivyo ukiwa nje ya mtandao wako kweli, kwa mfano kompyuta ikitumia data ya simu. Ruta nyingi haziwezi kukurudisha ndani kupitia anwani yako mwenyewe ya nje, na kipimo kikishindwa kwa sababu hiyo utahangaika na tatizo ambalo halipo.

Nitakupa mfano wa kundi moja la wachezaji nililolisaidia, maana dalili zao ni hizi hizi zako. Seva yao ilikuwa kwenye mashine ya kukodi. Kwanza ndani ya mashine tuliangalia nani anasikiliza:

```
sudo ss -lntup | grep 27015
```

Ilitoa mistari miwili, mmoja wa `tcp` wenye `LISTEN`, mwingine wa `udp` wenye `UNCONN`. Hilo neno la pili huwatisha watu, lakini kwa UDP ni hali ya kawaida, kwa sababu haina muunganisho wa kusubiriwa. Basi programu ilikuwa sawa. Kutoka nje, TCP ilikubali na swali la A2S halikujibiwa. Tukafungua kichungulio ndani ya seva huku mmoja akiendelea kutuma swali kutoka nje:

```
sudo tcpdump -ni any udp port 27015
```

Hakikutokea kitu. Pakiti hazikuwa zinafika kwenye mashine hata kidogo, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kugusa mchezo wala faiawoli ya Linux. Kizuizi kilikuwa mbele yake, kwenye paneli ya mwenye mashine, ambako kanuni mpya huanza na TCP usipobadilisha. Kwako wewe mahali hapo ni ruta. Walipoongeza kanuni ya UDP, kichungulio kikaanza kuonyesha pakiti zinazoingia zenye `length 25`, lakini hakuna zilizotoka.

Hapa watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanaona pakiti imefika na wanadhani faiawoli imeiruhusu. `tcpdump` inaziona pakiti zinazoingia kabla ya faiawoli ya Linux kuzihukumu. Pakiti kuonekana pale maana yake imefika kwenye mashine tu. Tukaangalia `sudo ufw status`, na kweli, palikuwa na `27015/tcp` peke yake. Amri moja ikamaliza:

```
sudo ufw allow 27015/udp
```

Papo hapo kichungulio kikaonyesha 25 ikiingia na 9 ikitoka, na aliyekuwa nje akapata `41` yake. Kama ingekuwa jibu linatoka lakini halimfikii, ningegeukia njia ya kurudi, yaani faiawoli ya upande wa mpimaji au ruta inayobadilisha poti ya jibu.

Kwako, kwenye ruta ongeza kanuni ya UDP 27015 kwenda kwenye anwani ya ndani ya seva. Ruta nyingi zina chaguo la itifaki zote mbili kwa pamoja, lakini mimi sikushauri ulitumie hapa. RCON inatoa mamlaka yote ya seva, na nenosiri lake husafiri bila kufichwa, kwa hiyo TCP yake haifai kuachwa wazi kwa dunia nzima. Iruhusu kutoka kwenye anwani yako tu, kama unayo isiyobadilika:

```
sudo ufw allow from 198.51.100.7 to any port 27015 proto tcp
```

Kisha ufute ile kanuni ya zamani ya TCP iliyo wazi, la sivyo hii mpya haibani kitu. Na kama seva yako inakaa ndani ya kontena la Docker, angalia jinsi ulivyoitangaza poti. `-p 27015:27015` bila nyongeza hutangaza TCP tu. UDP lazima uiandike kivyake, `-p 27015:27015/udp`.

Kipimo cha A2S kina mpaka mmoja wa kuujua. Kwenye Source kinathibitisha njia ya wachezaji kwa sababu maulizo na mchezo vinatumia poti ile ile ya UDP. Michezo mingine hutenganisha. Valheim, kwa mfano, hucheza kwenye 2456 na kujibu maulizo kwenye 2457, kwa hiyo 2457 ikijibu bado hujui lolote kuhusu 2456, na hapo utategemea `tcpdump` wakati mchezaji halisi anajaribu kuingia.

Baada ya UDP kufunguka, soma kwa makini ujumbe wanaopata wenzako. Kama bado ni seva haijibu, rudi kwenye kichungulio. Kama sasa wanaambiwa toleo la mchezo wao ni tofauti, au kwamba seva ni ya LAN tu kwa sababu `sv_lan` imewekwa 1, basi ujumbe huo wa kukataliwa umewafikia kwa UDP kutoka kwenye seva yako. Acha ruta na faiawoli zilivyo, kinachobaki kiko kwenye `server.cfg` au kwenye sasisho la mchezo.