Kuomba kurudishwa kwenye pakihausi ya maua: ujumbe unaomfaa msimamizi wako

Haya nawaandikia waliofanya kazi msimu wao wa kwanza katika pakihausi za maua za Naivasha mwaka huu, mkataba ukaisha mwezi wa tatu, na sasa wanataka kuitwa tena kwa ajili ya Valentaini ijayo. Nilianza nikiwa mfanyakazi wa msimu, kisha nikawa msimamizi wa laini, kwa hiyo ujumbe wa namna hii nimeuandika na nimeupokea pia. Wengi wanaokosa kuitwa tena walikuwa wachapakazi kabisa, ila ujumbe wao ulifika wakati orodha imekwisha kupelekwa, au ulifika mapema bila kuwa na kitu ambacho msimamizi angeweza kukinakili.

Tuanze na wakati, kwa maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Waridi linalouzwa Ulaya tarehe 14 Februari hukatwa huku kwetu kati ya wiki ya mwisho ya Januari na siku za mwanzo za Februari, kwa sababu baada ya kukatwa linapaswa kupoa kwenye chumba baridi, lipangwe kwa gredi, lifungwe, lipande lori hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, liruke hadi Uholanzi, kisha lipite mnadani au kwenye ghala la mnunuzi kabla ya kufika dukani. Ili mashina yawe tayari katika siku hizo, mimea ndani ya grinihausi hukatwa vichwa takriban wiki saba au nane kabla, kutegemea aina ya waridi na baridi ya mahali. Ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba kazi hiyo huangukia mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Ikishafanyika, meneja wa uzalishaji anaweza kukadiria mashina mangapi yataingia pakihausi kwa siku, na kutokana na makadirio hayo inajulikana ni mikono mingapi itaongezwa kwenye kila laini. Hapo ndipo msimamizi wako anapoambiwa alete majina.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza za Desemba ndizo za kuandika. Ujumbe wa Septemba husomwa, hujibiwa kwa heshima na kusahaulika, kwa sababu wakati huo hata msimamizi mwenyewe hajui atapewa nafasi ngapi. Ujumbe wa katikati ya Januari hukuta wageni wamekwisha kufundishwa kutoa majani na miiba, na hakuna anayetaka kumwondoa mtu aliyefundishwa wiki nzima ili kukupa wewe nafasi, hata kama unamzidi ujuzi.

Jambo la pili ambalo mgeni hulielewa vibaya ni mamlaka ya msimamizi. Kwa kawaida yeye haajiri. Yeye hupendekeza majina, orodha hupanda kwa meneja wa pakihausi, kisha hufika katika ofisi ya rasilimali watu ambako faili lako la msimu uliopita hufunguliwa. Kwa hiyo unapomwandikia, mpe maelezo atakayoyaweka kwenye orodha bila kukupigia simu kukuuliza chochote, kwa kuwa jioni ile ana jumbe nyingine nyingi zinazofanana na wako, na zile zinazohitaji maswali huwekwa kando hadi kesho, na kesho haifiki.

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi husema hivi: “Madam habari, mambo ni magumu huku, tafadhali nikumbuke kama kuna kazi, Mungu akubariki sana.” Sina shaka kwamba mambo ni magumu. Lakini sijui ni nani, kwa kuwa wengi hubadilisha laini ya simu kila mwaka. Sijui alikuwa laini gani, alifanya kazi gani, wala kama atapatikana Januari. Hata nikimkumbuka sura, sina cha kuandika.

Ulinganishe na huu:

“Habari za jioni, Madam. Mimi ni (jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho), namba ya kazi (namba yako). Msimu uliopita nilifanya kazi chini yako katika laini ya tatu, kwa mkataba wa msimu, kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi katikati ya Machi. Nilianza kwa kutoa majani, kisha ukanihamishia kwenye kupanga gredi za sentimita 50 na 60, na wiki mbili za mwisho nilisaidia kufunga. Naomba unifikirie kwa msimu ujao. Nitapatikana kuanzia tarehe 5 Januari hadi baada ya maagizo ya Siku ya Wanawake, na ninaweza kukaa hadi usiku maua yakiwa mengi. Bado ninaishi Karagita na hupanda basi la kampuni kwenye kituo kile kile. Namba hii ndiyo ninayoitumia wakati wote. Asante kwa muda wako.”

Ujumbe huu haukusifu popote, na bado unaniambia karibu kila kitu. Jina na namba ya kazi vitapelekwa ofisini jinsi vilivyo. Ukiandika jina la utani ambalo wenzako walikuita kwenye laini, faili halitaonekana. Maneno “mkataba wa msimu” nayo yana uzito. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Ikiwa ulitia saini karatasi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, wewe hukuwa kibarua, na kumbukumbu zako hazipo kwenye daftari la vibarua. Taja ulichokuwa, ili asiyekujua pale ofisini ajue pa kutafuta.

Sehemu ya kazi ulizofanya ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Wageni hupenda kuandika “nina bidii na ni mwaminifu”, maneno ambayo kila mmoja anaweza kuyaandika. Msimamizi anachotafuta ni mtu asiyehitaji kufundishwa upya. Kupanga gredi kunataka jicho linalopima urefu wa shina haraka, linaloona kichwa kilichofunguka kupita kiasi, shingo iliyopinda, na alama ndogo za ukungu kwenye petali ambazo zikipita zitaoza ndani ya boksi na kuharibu majirani zake. Ukisema ulipanga gredi ya 50 na 60, nakuelewa mara moja, kwa sababu hizo mara nyingi ndizo zenye wingi, na aliyezimudu wakati wa wingi anaweza kusimama mezani siku ya kwanza. Ikiwa ulibaki kwenye kutoa majani msimu mzima, sema hivyo hivyo. Watu wa kutoa majani wanahitajika pia, na hakuna kinachokera kama kumpokea aliyesema anajua gredi kisha akaonekana anachanganya mashina. Usitaje takwimu za kasi usizokuwa na uhakika nazo, kwani tulikuwa tunaziandika ubaoni na nyingine bado zipo kwenye daftari langu.

Tarehe ya kupatikana huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Wafanyakazi wengi wa Naivasha kwao ni Magharibi na Nyanza, huenda nyumbani Krismasi, na mwanzoni mwa Januari nauli za kurudi hupanda kwa sababu shule zinafunguliwa. Msimamizi aliyewahi kuachwa na laini nusu tupu wiki ya kwanza ya Januari humwamini anayetaja tarehe kamili kuliko anayeandika “nipo wakati wowote”. Kama hutaweza kukaa usiku kwa sababu ya mtoto mchanga, sema sasa. Kuna kazi za asubuhi, na ni afadhali upangwe huko kuliko kuonekana unatoroka laini saa moja jioni maboksi yakiwa bado wazi.

Huenda pia uliondoka kabla ya mkataba kwisha. Usilinyamazie, kwa sababu faili litasema. Sentensi moja inatosha: “Niliondoka tarehe 20 Februari kwa sababu ya msiba nyumbani, na nilimweleza karani wa laini.” Usieleze zaidi ya hapo, na usianze kulaumu mtu aliyekutia alama ya kutofika. Vivyo hivyo, ikiwa unadai malipo ya saa za ziada za msimu uliopita, dai hilo ni haki yako, lakini lipeleke ofisini au kwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa njia yake. Ukiliweka ndani ya ujumbe huu, msimamizi hawezi kulilipa na hawezi kulipeleka pamoja na orodha, na matokeo yake ujumbe wote hukaa.

Tuma kwa maandishi, jioni, baada ya saa moja. Katika pakihausi nyingi simu haziruhusiwi mezani, na asubuhi ndoo za maua ndiyo kwanza zinaingia. Sauti ya dakika tatu iliyorekodiwa haisikilizwi, na hata ikisikilizwa, jina na namba haviwezi kunakiliwa kirahisi. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki moja kwa mstari mmoja, kisha uache. Anayepiga simu kila siku huonekana atakuwa mzigo kwenye laini.

Usiahidi “chai” hata kwa mzaha. Msimamizi mwaminifu atakufuta kwa ajili hiyo, na asiye mwaminifu atakula na bado orodha itapita ofisini. Kila Desemba huzuka pia watu wanaojifanya mawakala wa mashamba na kudai pesa za usajili kwa simu. Ukipewa namba ngeni inayosema imetumwa na msimamizi wako, mwulize msimamizi mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo, na picha ya kitambulisho usiitume kwa mtu yeyote kabla ya hapo.

Lipo jambo moja la kulifanya mapema, kabla hata ya ujumbe. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi kazi inapokwisha, isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kuandika chochote juu ya tabia au ubora wa kazi yako, kwa hiyo usishangae kikiwa kikavu. Ikiwa msimamizi wako wa zamani amehamia shamba jingine, jambo ambalo hutokea sana kando ya ziwa, cheti ndicho kitakachomsaidia kukupendekeza mahali ambapo hakuna faili lako. Kama hukukichukua mwezi wa tatu, nenda ukakiombe sasa.

Akijibu “njoo Jumatatu”, fika na kitambulisho halisi, PIN ya KRA, namba ya NSSF, usajili wa SHA ambao tangu Oktoba 2024 umechukua nafasi ya NHIF, na namba ya akaunti au ya simu utakayolipwa kwayo ikiwa kwa jina lako mwenyewe. Akijibu kwamba orodha imejaa, mwombe akuweke kwenye ya akiba na umwambie unaweza kufika kwa taarifa ya siku moja, ikiwa kweli unaweza. Wiki ya pili ya Januari daima wapo wasiorudi kutoka nyumbani, na simu za kujaza nafasi zao hupigwa usiku, kwa hiyo usiizime yako.