Picha ya saa 24 ikishatoweka
"Nimemtumia mtu picha WhatsApp kwenye ujumbe wa saa 24. Ikishatoweka, anaweza kuwa nayo bado?"

Ndiyo, anaweza, kwa sababu saa hizo 24, zinazoanza kuhesabiwa ulipoituma, hufuta picha ndani ya mazungumzo tu. Ikiwa simu yake huhifadhi picha zinazoingia kwenye matunzio, ile uliyoituma Jumatatu saa nne asubuhi itatoweka kwenye mazungumzo Jumanne saa nne, lakini katika matunzio itabaki mpaka aifute mwenyewe. Vivyo hivyo, akiipeleka kwenye mazungumzo yasiyowekewa muda, huko haitatoweka.

Ndugu aliyetangulia kujibu swali hili amesema kwamba programu huzuia picha za skrini. Hilo ni kweli kwa picha ya kutazamwa mara moja, si kwa hii yako. Hata hiyo ya mara moja, mtu akishika simu ya pili na kuipiga picha skrini, hakuna kizuizi wala taarifa itakayokufikia.

Dada aliyeuliza kama picha inaweza kuingia kwenye nakala rudufu ya mazungumzo ana hoja: nakala ikifanywa saa nane usiku, kabla muda haujaisha, ujumbe huo huingia humo, ingawa hufutwa nakala inaporejeshwa. Picha ya mara moja ambayo haijafunguliwa nayo yaweza kuingia, ila ikishafunguliwa haiingii.

Kwa hiyo, ikiwa saa 24 hazijaisha, ifute sasa kwa watu wote, ingawa iliyokwisha kunakiliwa hutaifikia.