Mchango kwa jina la rafiki: mimi nilikosea mara ya kwanza

Kuna beste yangu hapa Nairobi ambaye ukimuuliza besdei anataka nini anakwambia "usininunulie kitu, nyumba imejaa vitu". Na ni kweli hataki. Kwa hivyo mwaka wa kwanza nikajiona nimepata dawa, nikatoa elfu tatu kwa watu wanaookoa mbwa na paka, nikaandikisha jina lake, nikaomba watume kadi.

Kadi ilifika. Alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, akapangusa mikono na leso akafungua bahasha, halafu akanyamaza. Ilikuwa imeandikwa mchango umetolewa "kwa kumbukumbu ya", halafu jina lake kamili. Mamake alikuwa amefariki miezi nane tu iliyopita, na ile "kwa kumbukumbu ya" ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye kijitabu cha mazishi. Akaniangalia akasema, "Sasa mimi nimekufa?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye nikaelewa ilitoka wapi. Mashirika mengi yana aina mbili za mchango kwa jina la mtu, kuna wa kumbukumbu ambao ni wa marehemu, na kuna wa heshima ambao ni wa mtu aliye hai, na wengi wanaotoa kwa jina la mtu hutoa wakati wa msiba, kwa hivyo kadi iliyo tayari ofisini mara nyingi ni ile ya msiba. Mimi niliandika tu "kwa jina la fulani", yule wa ofisi akachukua kadi iliyokuwa karibu. Kwa hivyo siku hizi naandika sentensi nzima mwenyewe, "kwa heshima ya fulani, katika siku yake ya kuzaliwa", naituma, halafu naomba wanipigie picha ya kadi kabla haijatoka.

Lakini hata kama kadi ingekuwa sawa, mchango wenyewe ulikuwa wangu. Mimi ndiye napenda mbwa. Yeye hana shida nao ila hajawahi hata siku moja kuwaongelea, ni kama nilijinunulia viatu size yangu nikampatia yeye. Na pia nilikuwa nimeacha namba yake ya simu kwenye fomu, basi karibu kila mwezi anapata meseji ya kuombwa mchango, na kwa vile ni mtu wa aibu akawa anajisikia vibaya kila akiifuta.

Mwaka uliofuata nikataka kurekebisha. Nikawaza, mamake alikufa na kansa, basi nitoe kwa mambo ya kansa. Bahati nzuri nilimpigia dadake kwanza. Akaniambia, "Wacha, kila mtu anamletea mambo ya kansa, kila tangazo la matembezi ya kansa anatumiwa yeye, amechoka." Nikamuuliza sasa ni nini basi. Akasema, "Muulize kuhusu wale manesi wa hospisi uone."

Na nikakumbuka hao watu wa hospisi, wanaotunza wagonjwa ambao hawatapona tena. Huyu rafiki yangu akiwataja wale manesi sauti inabadilika kabisa. Ameniambia mara ngapi vile walikuja nyumbani wakamfundisha kumgeuza mama kitandani bila kumuumiza, na vile walimwonyesha kuandika saa za mofini ya maji, ile dawa ya maumivu, kwenye daftari la watoto la mraba, kila masaa manne, na ile dozi ya wakati wa kulala vile daktari alikuwa amepanga ili mama asiamshwe usiku wa manane. Lile daftari bado analo, nimeliona kwenye droo pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kansa ndiyo iliyomuumiza, lakini anaoheshimu ni hao manesi, na mimi nilikuwa nimechanganya hivyo vitu viwili.

Kwa hivyo ukitaka kujua rafiki yako anaheshimu nini, usiishie kwa yaliyompata. Sikiza ni watu gani anawasifu bila kuulizwa, nani anamtaja kwa jina la kazi yake, wapi ashawahi kutoa pesa yake mwenyewe hata mia mbili. Na kama kitu chenyewe kiko karibu na msiba, uliza mtu wa nyumbani kwanza kama mimi nilivyofanya, kwa sababu kuna mtu ambaye siku ya besdei hataki kukumbushwa hata kwa wema.

Nairobi hospisi inayojulikana zaidi ni Nairobi Hospice, iko tangu 1990 pale karibu na hospitali ya Kenyatta, lakini kuna zingine, na chama chao cha KEHPCA kinaweza kukuelekeza. Mimi nilienda kwa ile iliyomhudumia mama yule yule, sio hospisi yoyote tu, kwa sababu hao ndio anaowajua kwa sura.

Nilipiga simu kabla ya kutuma chochote. Niliuliza pesa itaingia wapi, na mama wa ofisi akanijibu vizuri kwamba inaingia kwa mfuko wa jumla wa huduma, hawezi kuniahidi ni ya dawa au ni ya mafuta ya gari ya kutembelea wagonjwa. Nilifurahi aliniambia ukweli, kwa hivyo kwa kadi sikuandika eti "umenunua dawa ya mgonjwa", niliandika tu huduma za hospisi. Usimwandikie rafiki kitu ambacho pesa haijafanya, kwa sababu anaweza kwenda kuwashukuru akaonekana hajui anachosema.

Kulipa ni Paybill, lakini angalia hapa. Meseji ya M-Pesa inaenda na jina la mwenye laini, yaani wewe, kwa hivyo kwa vitabu vyao mchango ni wako hadi uwaambie vingine. Usijaze jina la rafiki kwa namba ya akaunti kabla hujauliza, wengine wana neno lao la michango na ukiandika kingine pesa inakaa bila kujulikana ni ya nini. Mimi nilitumia neno walilonipa, halafu nikawatumia ile code ya muamala pamoja na sentensi yangu ya heshima. Soma jina la shirika linalotokea kabla hujaacha pesa iende. Na mtu akikwambia tuma kwa namba yake binafsi, simama hapo hapo upigie ofisi.

Namba ya simu ya rafiki sikuwapa tena. Kadi niliichukua mimi, bila kiasi cha pesa, kwa sababu akijua ni ngapi ataanza kuhesabu atanirudishia nini. Bajeti yangu ilikuwa elfu nne na mia tano, elfu nne ikaenda hospisi, mia tano nikanunua keki ndogo, maana mtu akipewa karatasi peke yake mkono unabaki mtupu, hasa watoto wake wakiwa pale wanangoja.

Aliisoma mara mbili. Halafu akaenda kwenye ile droo, akatoa lile daftari, akaiweka kadi ndani katikati ya kurasa akalirudisha. Wiki iliyofuata akaniuliza kama naweza kumsindikiza, anataka kuwapelekea wale manesi chapati.