Volti, ampia na omu: mfundishe kwa tenki la maji

Ninapomfundisha kijana kazi ya umeme hapa Newala, kanuni ya V = I × R naiweka kando kwanza. Naanza na maji, kwa sababu huku juu kwenye uwanda wa Makonde kila mtu anajua kwamba maji hayapandi yenyewe. Lazima pampu iyasukume kutoka bondeni hadi kwenye tenki, ndipo yateremke bombani.

Tenki lililoinuliwa juu ya mnara linasukuma maji kwa nguvu kuliko lililokaa chini. Msukumo huo ndio volti. Maji yanayopita kwenye bomba kwa kila sekunde ndiyo mkondo, tunaoupima kwa ampia. Bomba jembamba na refu linayabana maji, na huko kubanwa ndiko ukinzani, tunaoupima kwa omu. Betri inafanya kazi ya pampu. Mwambie pia kwamba urefu wa tenki hauna maana mpaka useme unapima kuanzia wapi hadi wapi. Ndiyo maana mita ina nyaya mbili: volti hupimwa kati ya sehemu mbili, siku zote.

Watu wengi huishia hapo, na kijana anaondoka amekariri majina matatu. Mimi naona mfano wa tenki unaanza kufaa pale unapofunga na kufungua koki.

Chukua kazi ambayo mafundi wa sola huku wanaijua. Mzee ana betri ya volti 12 nyumbani, na kibanda cha kuonyesha mpira kiko mita 20 kutoka hapo. Amevuta waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75. Televisheni yake ya volti 12 inawaka kidogo, inazima, inawaka tena. Kijana anachomoa plagi, anapima mwisho wa waya, mita inasoma 12. Anasema, “Fundi, umeme umefika wote, televisheni ndiyo mbovu.”

Hapo mrudishe kwenye bomba. Koki ya mwisho ikifungwa, maji yamesimama, na msukumo pale kwenye koki ni uleule wa tenki, hata bomba liwe jembamba kiasi gani. Ukifungua, maji yanaanza kutembea, bomba linayabana njia nzima, na yanafika yamelegea. Ukinzani hauonekani mpaka kitu kitembee. Basi mwambie achomeke televisheni, kisha apime tena mwisho uleule wa waya huku ikijaribu kuwaka.

Mita inashuka hadi karibu 9. Sababu ni hii: umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 20 za njia ni mita 40 za waya, na waya wa shaba wa 0.75 wenye urefu huo una ukinzani wa karibu omu 1. Televisheni ikivuta ampia 3, volti 3 zinaishia njiani. Ukiweka waya wa milimita za mraba 4, ukinzani unashuka hadi karibu omu 0.2, na kinachopotea ni kama nusu volti tu. Sasa kijana amefanya hesabu ya V = I × R bila kuogopa, kwa sababu ameiona kwenye mita kabla hajaiona kwenye karatasi.

Lakini mfano huu una mipaka, na ni haki yake kuambiwa mapema. Bomba likikatwa, maji yanamwagika. Waya ukikatwa, mkondo unasimama na hakuna kinachomwagika, kwa kuwa umeme unahitaji njia kamili ya kutoka kwenye betri na kurudi. Vilevile, ukichukua bomba ambalo nafasi yake ya ndani ni mara mbili, maji yanaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa waya, eneo la mkato wa shaba likiwa mara mbili, ukinzani unakuwa nusu kamili. Kwa hiyo tumia maji kueleza kinachotokea, usiyatumie kuchagua waya.

Kosa linalong'ang'ania zaidi ni kudhani kwamba taa “inakula” mkondo, kama mtu anavyotumia maji ya ndoo. Usibishane naye. Unganisha taa mbili kwa mfululizo kwenye betri, mpe mita iliyowekwa kwenye ampia, na ahakikishe mita imeingizwa ndani ya njia yenyewe, maana akiigusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri ataunguza fyuzi ya mita. Apime kabla ya taa ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Atasoma namba ileile mara tatu. Kisha abadilishe mita iwe ya volti, apime kwenye kila taa, na akueleze mwenyewe kilichopungua ni nini.